Kiapo cha Kuthibitisha kuwa Majina Mawili ni ya Mtu Mmoja

JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA

KATIKA SUALA LA SHERIA YA VIAPO NA MATAMKO YA KISHERIA, SURA YA 34

NA

KATIKA SUALA LA USAJILI WA HATI NAMBA 31876, KIWANJA NAMBA 417, KITALU "C", KIHONDA, MANISPAA YA MOROGORO

KIAPO CHA MAJINA

Mimi, ZUHRA SALEHE KIBWANA, mtu mzima, mwenye akili timamu, Muislamu, mkazi wa Kihonda katika Manispaa ya Morogoro, NAAPA kwa jina la Mwenyezi Mungu na kueleza kama ifuatavyo:

1. Kwamba mimi ni raia wa Tanzania, nimezaliwa tarehe 12 Juni 1964, na ninamiliki Kitambulisho cha Taifa Namba 19640612-67104-00003-21 kilichoandikwa jina ZUHRA SALEHE KIBWANA. Nakala yake imeambatanishwa na kuwekewa alama ZSK-1.

2. Kwamba mimi ndiye mmiliki wa Kiwanja Namba 417, Kitalu "C", Kihonda, chenye ukubwa wa mita za mraba 620, kwa Hati Namba 31876 ya tarehe 6 Machi 2001, kwa muda wa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai 1999. Hati hiyo inamtaja mmiliki kuwa ni ZUHURA SWALEHE KIBWANA. Nakala yake ni kielelezo ZSK-2, na hati halisi ninayo mwenyewe.

3. Kwamba tofauti kati ya nyaraka hizo mbili ni herufi mbili tu, nazo ni hizi:

(a) Jina la kwanza: kwenye hati limeandikwa ZUHURA, yaani kuna U kati ya H na R. Kwenye kitambulisho U hiyo haipo, limeandikwa ZUHRA.

(b) Jina la pili, ambalo ni la baba yangu: kwenye hati limeandikwa SWALEHE, kwa W baada ya S. Kwenye kitambulisho limeandikwa SALEHE.

Jina la tatu, KIBWANA, ni sawasawa herufi kwa herufi katika nyaraka zote mbili, na mpangilio wa majina ni uleule.

4. Kwamba jina sahihi ni ZUHRA SALEHE KIBWANA, na ndilo lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, cheti cha kumaliza elimu ya msingi cha mwaka 1979, na cheti cha ndoa. Vyote vitatu vimeambatanishwa kwa pamoja kama kielelezo ZSK-3. Nimetanguliza cheti cha kuzaliwa kwa makusudi, kwa kuwa kitambulisho changu kilitolewa miaka mingi baada ya hati, na peke yake kingeweza kuonekana kama jina lililokuja baadaye.

5. Kwamba sikujaza mwenyewe fomu ya maombi ya kiwanja mwaka 1998. Kaka yangu, Hamisi Salehe Kibwana, ambaye yu hai na anaishi Kihonda, ndiye aliyeipeleka ofisi ya ardhi. Ameniambia kwamba karani alimuuliza jina la mwombaji, yeye akalitamka kama linavyotamkwa nyumbani kwetu, "Zuhura binti Swalehe", na karani akaliandika kama alivyolisikia. Fomu ile haikuambatanishwa na nyaraka yoyote ya utambulisho.

6. Kwamba tahajia hiyo ilihamia kwenye barua ya toleo, kutoka barua ya toleo ikaingia kwenye hati, na kutoka hati ikaingia kwenye kumbukumbu za kodi ya pango la ardhi. Ndiyo maana stakabadhi zangu zote za kodi, ambazo nazileta kama kielelezo ZSK-4, zina jina ZUHURA SWALEHE KIBWANA, isipokuwa moja ya mwaka 2004 iliyoandikwa kwa mkono "Zuhura S. Kibwana". Sizileti kuthibitisha tahajia ya jina, kwa kuwa zinarudia kosa lililo kwenye hati. Nazileta kuonyesha kwamba anayelipia kiwanja hicho tangu mwaka 2001 ni mimi.

7. Kwamba vitu vitatu vinaunganisha jina la kwenye hati na mimi mwenye kitambulisho:

(a) Saini. Nilikubali barua ya toleo kwa kuandika "Z. Kibwana", na saini hiyohiyo ipo kwenye kitambulisho changu na mwisho wa kiapo hiki. Haigusi jina la pili, wala herufi iliyozidi kwenye jina la kwanza.

(b) Makazi. Nyumba iliyopo kwenye kiwanja hicho nimeijenga mimi, naishi humo tangu mwaka 2003, na ankara za maji za nyumba hiyo zinatoka kwa jina ZUHRA SALEHE KIBWANA (kielelezo ZSK-5). Hizi ni nyaraka zenye namba ya kiwanja na jina langu sahihi kwa pamoja.

(c) Utambuzi. Afisa Mtendaji wa Mtaa ninakoishi ameandika barua ya tarehe 10 Machi 2025, yenye picha yangu iliyogongwa muhuri, akithibitisha kwamba ananifahamu kwa majina yote mawili na kwamba ndiye mimi ninayeishi katika kiwanja hicho (kielelezo ZSK-6).

8. Kwamba kwa hiyo majina ZUHRA SALEHE KIBWANA, ZUHURA SWALEHE KIBWANA na Zuhura S. Kibwana, popote yanapoonekana kuhusiana na Kiwanja Namba 417 Kitalu "C" Kihonda, ni ya mtu mmoja, naye ni mimi ninayeapa.

9. Kwamba sijawahi kubadili jina. Kiapo hiki si hati ya kubadili jina na hakiniongezei jina jipya. Kinaeleza tu kosa la tahajia.

10. Kwamba simfahamu mtu mwingine yeyote mwenye jina Zuhura Swalehe Kibwana anayedai haki katika kiwanja hicho. Kiwanja hakijawekwa rehani, hakina zuio, na hakuna shauri juu yake ambalo nimewahi kuitiwa katika baraza au mahakama yoyote.

11. Kwamba ninaapa kiapo hiki ili Msajili wa Hati aweze kurekebisha jina langu katika daftari la ardhi, kabla sijawasilisha maombi ya kumhamishia binti yangu kiwanja hicho kama zawadi.

12. Kwamba ninafahamu kuwa kuapa uongo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

UTHIBITISHO

Mimi, ZUHRA SALEHE KIBWANA, nathibitisha kwamba yote niliyoeleza katika aya ya 1 hadi ya 4 na ya 6 hadi ya 12 ni kweli kwa ufahamu wangu binafsi. Katika aya ya 5, kwamba sikujaza fomu mwenyewe ni ufahamu wangu. Yaliyotokea ofisini nimeelezwa na kaka yangu Hamisi Salehe Kibwana, nami naamini ni kweli.

Imethibitishwa hapa Morogoro, leo tarehe 17 Machi 2025.

(Saini) Z. Kibwana
MUAPAJI

KIMEAPWA na kutiwa saini hapa MOROGORO na ZUHRA SALEHE KIBWANA, ambaye ametambulishwa kwangu na MWANAIDI RAMADHANI SEMKIWA, ambaye ninamfahamu binafsi, leo tarehe 17 Machi 2025.

(Saini) Z. Kibwana
MUAPAJI

MBELE YANGU:

Jina: Elibariki Naftali Mfinanga
Saini: E. N. Mfinanga
Anwani: Morogoro
Wadhifa: Wakili na Kamishna wa Viapo
(Muhuri umegongwa hapa na kwenye kila kielelezo, ZSK-1 hadi ZSK-6)