Mama mkubwa, simu yako haina virusi

Shikamoo Mama mkubwa. Ile picha ya simu yako nimeipata. Nimekujibu kwenye simu ya Eliya makusudi, ili usome humu huku simu yako ukiwa umeishika mkono mwingine, tuende pamoja polepole.

Kwanza huyo fundi wa pale stendi aliyesema ni virusi na anataka elfu kumi na tano. Usimpe hata senti. Simu ni nzima, imepoteza tarehe tu.

Tuisome picha. Yale maandishi makubwa, Your clock is behind, maana yake ni "saa yako iko nyuma". Maandishi madogo ya chini yake ni mengi, usihangaike nayo. Tafuta mabano tu. Ndani yake utaona Thursday, January 1, 2015, yaani Alhamisi, tarehe 1 Januari 2015. Umeona? Simu yako inaamini tuko mwaka 2015! Na ule mstari uliokutisha ni huu:

```
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Hilo ni jina la kosa, limewekwa kwa ajili ya mafundi. Wewe shika neno moja humo, DATE, ambalo ni tarehe.

Utauliza tarehe inahusianaje na wewe kutaka kusoma habari za mnyauko wa migomba. Iko hivi. Kila ukurasa unaoufungua unaionyesha simu cheti cha kuthibitisha kwamba ni wenyewe, si tapeli. Cheti kina tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kuisha. Fikiria umepanda basi la Arusha pale Moshi na tiketi ya leo, halafu konda kichwani mwake bado ni mwaka 2015. Atakwambia tiketi hii siku yake haijafika, shuka. Tiketi haina kosa, wewe huna kosa, konda ndiye amepotewa na siku. Ndiyo sababu hata WhatsApp yako imegoma, ikabidi Eliya aihamishie picha kwenye simu yake.

Nadhani chanzo ni zile wiki ilizokaa kabatini bila chaji. Betri ikiisha kabisa, simu inaweza kusahau saa.

Sasa tuitengeneze. Kwenye ukurasa huohuo wa kosa kuna kitufe cha bluu, Update date and time. Kibonyeze mara moja, uache. Utapelekwa penye mipangilio ya saa. Usipokiona, rudi mwanzo wa simu, fungua alama ya gurudumu lenye meno (Settings), shuka hadi General management, iguse, kisha uguse Date and time.

Hapo tafuta mstari wa Automatic date and time. Pembeni yake kuna swichi ndogo. Ikiwa ya kijivu imezimwa, na naamini ndivyo ilivyo. Iguse, igeuke bluu. Maana yake umeiambia simu ichukue saa kwenye mtandao wa laini yako, kwa hiyo simama penye mtandao, nje upande wa barabara, si kule jikoni. Subiri dakika mbili. Ukiona tarehe ya leo, tumemaliza. Rudi Google ujaribu tena.

Ikigoma kubadilika, itabidi uandike mwenyewe, na hapa nakuomba uwe makini. Zima ile swichi, gusa tarehe, chagua mwaka, mwezi na siku ya leo. Kisha gusa saa. Simu haihesabu saa kama sisi. Saa tatu asubuhi yetu, yenyewe inaandika 9:00 AM; saa tatu usiku ni 9:00 PM. Ukiweka 3:00 utakuwa umeikosesha saa sita nzima. Njia rahisi ni ile saa ya ukutani sebuleni: usiitaje saa, tazama namba ambayo mshale mfupi umeielekea, namba hiyohiyo ndiyo uiweke kwenye simu. Chini, penye Time zone, pasomeke GMT+03:00, ndiyo saa ya kwetu Afrika Mashariki.

Katika yote haya hakuna mahali utakapoulizwa namba ya siri ya pesa. Mtu akikwambia umpe ili "akurekebishie tarehe", mnyang'anye simu uondoke.

Leo natoka kazini saa kumi na moja. Ukikwama, mwambie Eliya apige picha ya pale ulipofika anitumie, hata kama ni hatua ya kwanza. Na hiyo migomba, kabla hujaikata, nitumie na yenyewe picha ya majani.