Muhtasari wa notisi ya madai ya kodi na kuhama

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma notisi uliyonipigia picha, kurasa zote mbili, na mkataba wako nimeuweka kando yake. Uliniambia umeisoma mara tatu ukatoka na neno moja tu, "kuondoka". Neno hilo limo, lakini pesa ndizo zinazotangulia. Mwenye nyumba, kupitia wakili wake, anadai umlipe shilingi 66,500 ndani ya siku 14, na kuhama kunakuja endapo pesa hizo hazikulipwa. Kwa hiyo tarehe ya kushika sasa ni Alhamisi, 19 Juni 2025. Ile ya 30 Juni, iliyokolezwa wino ukurasa wa pili, ni ya hatua ya baadaye.

Siku zimehesabiwa hivi: notisi imeandikwa tarehe 3 Juni, lakini aya ya 2 inasema siku 14 zinaanza "kesho yake baada ya mpangaji kuipokea". Wewe uliitia saini kwenye daftari la msimamizi tarehe 5, Alhamisi. Siku ya kwanza ni tarehe 6, ya kumi na nne ni tarehe 19. Hakuna mahali palipotaja siku za kazi, basi Jumamosi na Jumapili zimo. Tafadhali usingoje hiyo siku ya mwisho, kwa sababu mtu akianza kuhesabu tangu tarehe 3 atafika tarehe 17, na sitaki mbishane mlangoni juu ya siku mbili.

Hizo 66,500 zimeundwa hivi. Kodi ya Machi, Aprili na Mei, 18,000 kila mwezi, ni 54,000. Faini ya kuchelewa ni 5,400. Maji ya Aprili na Mei ni 2,100. Ada ya wakili ya kuandika notisi yenyewe ni 5,000.

Hapa ndipo nilipokaa sana, Shangazi, maana hesabu yao na karatasi zako hazikubaliani. Notisi inadai Machi nzima. Lakini kwenye picha za simu yako kuna ujumbe wa malipo wa tarehe 8 Machi, saa 1:42 usiku, shilingi 9,000, kwenda namba ileile ya mwenye nyumba iliyoandikwa kwenye mkataba. Nusu ya Machi imeshalipwa, na wao hawajaitoa. Faini nayo wameipiga asilimia 10, ilhali kipengele cha 6 cha mkataba, chenye saini zenu wote wawili, kinasema asilimia 5 ya kodi iliyochelewa. Ada ya wakili haimo kabisa kwenye mkataba.

Kwa karatasi zilizo mbele yangu, kodi unayodaiwa ni 45,000, faini yake 2,250, maji 2,100. Jumla 49,350. Tofauti na madai yao ni 17,150. Hiyo ndiyo sehemu ya kubishania. Hizo 49,350 unadaiwa kweli, na nakuambia hivyo kwa upendo, kwa sababu ukiwajibu kana kwamba hudaiwi kitu, hata ile nusu ya Machi hawataisikiliza.

Aya ya 3 ina sentensi uliyoizungushia kalamu: "Malipo yoyote pungufu yatapokelewa bila kuathiri haki za mteja wetu chini ya notisi hii." Maana yake ni kwamba ukipeleka 20,000 leo watazipokea na deni litapungua, lakini notisi inabaki hai na siku zinaendelea kuhesabika. Ukipewa risiti usidhani mambo yamesimama. Kitu pekee kitakachosimamisha siku ni wao kukubali kwa maandishi: kiasi fulani, kwa tarehe fulani, na kwamba notisi imeondolewa au imeahirishwa. Neno la mdomo la msimamizi, hata akiwa mtu mwema, halitoshi.

Kodi ya Juni haimo ndani ya 66,500. Aya ya 4 inasema kodi ya miezi inayofuata "inaendelea kudaiwa kwa tarehe zake". Ukilipa yote wanayodai tarehe 19 na ukaiacha Juni, utakuwa tena na deni la 18,000.

Uliuliza kama ile amana ya 36,000 uliyoweka ulipoingia inaweza kukatwa. Notisi imekataa waziwazi, na mkataba unasema hivyohivyo: amana ni ya uharibifu na bili, inarudishwa siku 30 baada ya kukabidhi funguo.

Sasa kinachofuata. Ukilipa au mkielewana kwa maandishi kabla ya tarehe 19 kwisha, aya ya 5 inasema notisi "itahesabiwa kuwa imekwisha" na upangaji unaendelea kama kawaida. Ikipita bila malipo wala makubaliano, wao watauhesabu upangaji kuwa umefika mwisho, na unatakiwa uhame na kukabidhi nyumba ikiwa tupu, na funguo kwa msimamizi, kabla ya saa 6 mchana Jumatatu, 30 Juni. Ukibaki baada ya hapo, watakutoza 600 kwa kila siku mpaka utoke, na "watafungua shauri mahakamani" kuomba amri ya kukuondoa, deni lote, riba na gharama za kesi.

Soma tena maneno hayo, watafungua shauri. Najua usiku hulali ukiwaza watu wanakuja tarehe 30 kutoa vitanda nje watoto wakitazama. Notisi haijasema hivyo. Karatasi hii imetoka kwa wakili, haina mhuri wa mahakama, haina namba ya kesi wala saini ya hakimu. Wao wenyewe wameandika kwamba hatua inayofuata ni kwenda mahakamani kuomba amri, na kesi ikifunguliwa utapelekewa hati ya kuitwa, nawe utapewa nafasi ya kujibu. Hati hiyo ikija, nipigie saa hiyohiyo, hata usiku, kwa sababu ina siku zake za kujibu na zikipita kesi inaweza kuamuliwa bila wewe kusikilizwa. Mtu akija kabla ya hapo akitaka kubadilisha kufuli au kuzima maji, mwombe karatasi ya mahakama, usitukanane naye, piga picha, kisha nipigie.

Majibu yanatakiwa kwa maandishi, kwenye anwani ya wakili iliyo juu ya ukurasa wa kwanza. Nimekuandikia, isome kama inasema ulichotaka kusema:

"Nimepokea notisi yenu ya tarehe 3 Juni 2025 hapo tarehe 5 Juni. Nakubali kudaiwa shilingi 49,350. Sikubali 9,000 za Machi kwa kuwa zililipwa tarehe 8 Machi, uthibitisho umeambatanishwa. Wala faini inayozidi asilimia 5 ya kipengele cha 6. Wala ada ya 5,000 isiyomo kwenye mkataba. Naomba kulipa 30,000 kabla ya tarehe 17 Juni, na 19,350 pamoja na kodi ya Juni kabla ya tarehe 5 Julai. Naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba kwa mpango huu notisi imeondolewa."

Uliniambia 30,000 zipo. Kama zimepungua niambie leo nibadilishe, usiahidi usichonacho. Kesho jioni nakuja na nakala mbili, moja yao watie saini ya kupokea, na hiyo ibaki kwako ndani ya bahasha ya mkataba.

Mpwa wako