Maneno ya Ufunguzi: Walezi wa Kitaaluma na Wanagenzi Wakutana

Mabibi na mabwana, hamjambo? Karibuni katika Ukumbi wa Kaloleni, mahali ambapo wapigania uhuru walikutana na wakazi wa Mashariki mwa Nairobi kujadili mustakabali wa nchi. Leo tunaanza mpango wa miezi 6 unaowaunganisha walezi 24 na wanagenzi 24 katika uhasibu, uuguzi na uhandisi.

Ndugu walezi, hamkuitwa hapa kuwatafutia vijana hawa kazi, ingawa najua wapo watakaotumaini hivyo, na si kosa lao. Tunachowaomba ni kizito zaidi: mwasimulie mlivyofanya uamuzi, hata ule mlioujutia, kwa kuwa mwanagenzi anayesikia ushindi pekee hudhani kwamba kukwama kwake ni dalili ya kutofaa. Sikilizeni kabla ya kushauri.

Nanyi wanagenzi, msingoje kupigiwa simu. Ninyi ndio mtakaopanga mikutano miwili ya kila mwezi na kuja na swali mahususi, kwa mfano jinsi ya kumkosoa msimamizi bila kumvunjia heshima. Yatakayosemwa kati yenu yatabaki kwenu, isipokuwa usalama wa mtu ukiwa hatarini. Wawili wasipoelewana kabisa, watuarifu. Tutawabadilisha bila lawama.

Sasa tafuteni meza yenye namba iliyo kwenye kadi yako na ya mwenzako. Mna dakika 20. Mwanagenzi ataanza kuzungumza.