Salumu Anaharisha: Muswada wa Video ya Kuchagua Njia

Video hii itaoneshwa kwenye kishikwambi katika sehemu ya kusubiria ya zahanati moja mkoani Tanga. Mtazamaji ni mzazi au mlezi, na kila onyesho linapoisha atagusa kitufe kimoja kuamua kinachofuata. Kitufe chekundu cha DALILI ZA HATARI kinabaki kwenye kona ya kioo katika kila onyesho na humpeleka moja kwa moja kwenye Onyesho la 6, kwa sababu huenda aliyeketi pale ana mtoto mgonjwa mapajani.

Onyesho la 1. Alfajiri, chumbani. Salumu, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, amelala kwenye mkeka.
ZUHURA: Mama, tangu usiku wa manane ameharisha mara tano.
MAMA MKWE: Mnyime maji, mwanangu, tumbo likauke.
Vitufe: *Namnyima maji* (2). *Namkagua kwanza* (3). *Nachanganya ORS* (4).

Onyesho la 2. Adhuhuri. Midomo ya Salumu imekauka, naye analia bila machozi. Mama mkwe asioneshwe kama mjinga. Amemshika mjukuu wake na anaogopa kwa dhati.
MHUDUMU WA AFYA: Kumnyima maji hakuzuii kuhara, mama. Maji na chumvi vinaendelea kutoka mwilini, na upungufu huo ndio unaoua.
Kitufe: *Tumkague* (3).

Onyesho la 3. Kamera inakaribia sana. Kwa kidole gumba na cha shahada, Zuhura anafinya ngozi ya tumbo katikati ya kitovu na ubavu, kisha anaiachia. Zinafuata picha mbili, na mtazamaji anagusa ile inayofanana na hali ya mtoto wake.
Vitufe: *Ngozi inarudi mara moja, mtoto ana nguvu na anakunywa* (4). *Ngozi inarudi polepole, au macho yamebonyea, au amelegea* (6).

Onyesho la 4. Zuhura ananawa mikono, anapima lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa kwa chupa mbili za nusu lita, kisha anamimina pakiti nzima ya ORS ya lita 1. Kamera itulie hapa mpaka chembe zote ziyeyuke, kwa kuwa wengi huigawa pakiti kwa kukisia na mchanganyiko hutoka mkali au hafifu kupita kiasi. Anamnywesha kwa kijiko. Salumu anatapika.
Vitufe: *Naacha kumpa* (5). *Nasubiri dakika 10, kisha naendelea polepole* (7).

Onyesho la 5. Kikombe kimefunikwa, mtoto anazidi kudhoofika.
MHUDUMU: Hata akitapika, sehemu ya alichokunywa hubaki tumboni. Mpumzishe kidogo, umrudie.
Kitufe: *Naendelea* (7).

Onyesho la 6. Mwisho wa kwanza. Zuhura amempakata Salumu kwenye bajaji.
MHUDUMU: Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, aliyelegea au mwenye damu kwenye kinyesi aletwe sasa hivi. Kama anaweza kunywa, mpe ORS na umnyonyeshe njiani.

Onyesho la 7. Jioni. Kila baada ya choo cha majimaji Salumu amepewa robo hadi nusu kikombe, na bado ananyonya.
Vitufe: *Anakunywa na anakojoa* (8). *Hanywi, au hakojoi* (6).

Onyesho la 8. Mwisho wa pili. Zuhura anayeyusha kidonge cha zinki cha miligramu 20 kwenye kijiko chenye maji.
MHUDUMU: Mpe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. ORS iliyokaa saa 24 imwage, uchanganye nyingine.

Ramani ya njia

```
1 -> 2 | 3 | 4
2 -> 3
3 -> 4 | 6
4 -> 5 | 7
5 -> 7
7 -> 6 | 8
6, 8 -> MWISHO
```

Ukaguzi wa njia zisizo na mlango. Bila kuhesabu kitufe chekundu, njia kamili ni 14: nane zinaishia zahanati na sita zinaishia nyumbani. Iliyo fupi kuliko zote ina maonyesho matatu, na iliyo ndefu ina saba. Katika rasimu ya kwanza Onyesho la 5 halikuwa na kitufe, hivyo mzazi aliyekosea aliachwa na picha ya mtoto anayedhoofika. Sasa linatoka kwenda 7. Onyesho la 2 lilikuwa linarudi 1, na mtu angeweza kuzunguka hapo bila kumaliza, kwa hiyo tumelielekeza mbele. Anayechagua ORS mara moja hupita bila kukagua dalili, ndiyo maana swali la Onyesho la 7 halirukwi na njia yoyote iendayo 8. Asipogusa mtu kitufe kwa sekunde 30, swali lisomwe tena kwa sauti. Likipita mara ya pili katika Onyesho la 1 au 2, video iende 3, na kuanzia Onyesho la 3 iende 6.