Ombi la bei kwa shilingi, au kifungu cha kiwango cha dola, kwenye oda ya roli za nailoni

Tukuyu, Rungwe
15 Septemba 2025

Kwa Meneja wa Mauzo ya Nje, Muscat

Kaka Salim,

Salaam kutoka Tukuyu. Natumaini wewe na jamaa hapo Muscat hamjambo. Huku mvua hazijaanza, lakini ukungu wa asubuhi uko palepale, na wafugaji wa Kyimo na Kiwira bado wanaleta maziwa kabla jua halijatoka.

Nimepokea profoma ya tani 6 za roli za nailoni za kufungashia maziwa ya nusu lita, dola 2,600 kwa tani, jumla dola 15,600. Ubora hatuna shida nao. Roli zenu hazikatiki mashineni, wino haufutiki pakiti inapolowana, na tangu tuanze kuzitumia malalamiko ya pakiti zinazovuja yamepungua sana. Bei yenyewe kwa dola pia siipingi, maana najua malighafi ya plastiki mnainunua kwa dola. Ninachoomba tukizungumze kabla sijatia saini ni jinsi bei hiyo inavyogeuka ikifika kwetu kwa shilingi.

Nianze na oda iliyopita, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Tuliagiza Desemba 2024, kiasi hikihiki na bei hiihii. Shilingi ilikuwa imeimarika, na benki yetu ilikuwa ikiuza dola kwa 2,420. Nililipa asilimia 30, nikaweka kwenye bajeti salio la dola 10,920 kwa kiwango hicho, yaani shilingi 26,426,400. Silinda za kuchapia zikachukua muda, foleni kiwandani kwenu ikawa ndefu, na nakala ya hati ya shehena ikanifikia mwishoni mwa Aprili. Siku hiyo benki iliniuzia dola kwa 2,710. Salio lilelile la dola 10,920 likawa shilingi 29,593,200. Tofauti ni shilingi 3,166,800. Kwa bei za huku hiyo ni pesa ya kununua mtamba mzuri wenye mimba, na chenji inabaki. Tuliilipa kwa kuchelewesha malipo ya wafugaji wiki moja. Sikupenda kabisa kufanya hivyo, na sitaki kurudia.

Tena haikuishia kwenye ankara yako. VAT ya asilimia 18 bandarini hukokotolewa juu ya thamani ya mzigo iliyogeuzwa kuwa shilingi, kwa hiyo dola ilipopanda na kodi ilipanda nayo.

Pengine utasema nipandishe bei ya maziwa. Hebu tuitazame pakiti moja. Inakula gramu 4 hivi za nailoni. Kwa dola ya 2,420, nailoni ya pakiti moja inanigharimu shilingi 25. Kwa 2,710 inafika 28. Ni shilingi tatu tu, lakini mwenye duka Mwanjelwa au Uyole hawezi kupandisha bei kwa shilingi tatu. Sarafu ndogo inayozunguka madukani ni ya 50, kwa hiyo bei hukaa ilipo, au huruka kwa 50 au 100 na mteja akahamia kwa jirani. Sisi faida yetu kwa pakiti ni kama shilingi 20 baada ya kulipa maziwa, umeme, mafuta ya gari na mishahara. Tatu zikitoka hapo, kwa pakiti 8,000 kila siku, ni shilingi 24,000 kwa siku zinazoondoka bila mtu yeyote kukosea.

Kwako hali ni tofauti, na nalisema hili bila kulaumu. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 ni riali moja kwa dola 2.6 na kidogo. Ukiandika bei kwa dola leo, unajua hata mwakani itakuwa riali ngapi. Hatari yote ya kubadilika kwa fedha iko upande wangu. Naomba tuigawane, kila mmoja abebe sehemu anayoiweza.

Na uangalie wakati ninaokuandikia. Tangu katikati ya mwaka huu shilingi imeimarika tena, kwa hiyo leo sikuombi kwa sababu nimebanwa. Ningetaka kukukamua ningekaa kimya nikafurahia dola rahisi. Kifungu ninachopendekeza kinakulinda na wewe pia. Shilingi ikipanda mno, nitakuongezea.

Njia ninayoipenda zaidi ni hii. Mna wakala na ghala Dar es Salaam. Mishahara ya vijana wa pale, pango, ulinzi na usafirishaji vyote mnavilipa kwa shilingi, na tangu 28 Machi 2025, kwa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni (Tangazo la Serikali Na. 198), bei na malipo ya ndani ya nchi ni kwa shilingi. Kanuni hizo zinahusu mauzo ya ndani, haziigusi ankara yako inayotoka Muscat, na sizileti hapa kama fimbo. Ninachosema ni kwamba shilingi mnazihitaji kila mwezi, na mnazipata kwa kuuza dola. Basi nipe bei ya malipo ya awali, ile asilimia 30, kwa shilingi. Kwa mfano tukikubaliana kiwango cha 2,500, dola 4,680 zitakuwa shilingi 11,700,000, nami nitaziingiza kwenye akaunti yenu ya Dar es Salaam siku mkataba unapotiwa saini. Ninyi hampotezi kitu kwenye kubadilisha fedha mara mbili, na mimi nabaki na salio tu la kuhangaikia.

Kama wahasibu wenu watakubali kunipa bei ya oda nzima kwa shilingi, nitashukuru, na niko tayari mniongezee kidogo juu kwa ajili ya hatari mtakayoibeba, mradi kiasi hicho kiandikwe wazi kwenye profoma. Lakini najua wengi hawapendi, kwa hiyo sitaling'ang'ania.

Kwa salio la asilimia 70, bei ibaki kwa dola, ila mkatabani tuongeze kifungu hiki. Nimekiandika kama ninavyotaka kisomeke:

"Kiwango cha msingi ni wastani wa bei ya kununua na kuuza dola ya Marekani uliotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania siku ya kutia saini mkataba. Kiwango cha malipo ni wastani uliotangazwa na Benki Kuu siku ambayo salio linatakiwa kulipwa. Kama siku hiyo haukutangazwa, utatumika wa siku ya kazi iliyotangulia. Kiwango cha malipo kikitofautiana na cha msingi kwa asilimia 3 au chini ya hapo, juu au chini, salio halibadiliki. Tofauti ikizidi asilimia 3, sehemu iliyozidi tu itagawanywa nusu kwa nusu kati ya muuzaji na mnunuzi, na salio la dola litapunguzwa au kuongezwa ipasavyo. Tofauti ikizidi asilimia 10, pande zote zitakaa upya ndani ya siku 7 kabla mzigo haujatolewa. Mnunuzi akichelewa kulipa kwa sababu zake, hasara ya kiwango kwa siku alizochelewa ni yake. Muuzaji akichelewa kusafirisha kupita tarehe ya mkataba, hasara ya kiwango kwa siku hizo ni ya muuzaji."

Hesabu yake nimeijaribu kwa karatasi ili tusije kubishana baadaye. Tuseme kiwango cha msingi ni 2,500. Asilimia 3 juu ni 2,575. Siku ya kulipa dola ikiwa 2,700, iliyozidi ni shilingi 125, na nusu yake ni 62.50. Mimi nabeba hadi 2,637.50 kwa kila dola, inayobaki unaibeba wewe:

```
10,920 × 2,637.50 / 2,700 = 10,667.22
```

Yaani unanipunguzia dola 252.78. Sasa tuigeuze. Shilingi ikiimarika hadi 2,300, mpaka wa chini ni 2,425, iliyozidi ni 125 vilevile, na nusu ni 62.50:

```
10,920 × 2,362.50 / 2,300 = 11,216.74
```

Hapo mimi nakuongezea dola 296.74, na nitakulipa bila kuulizwa mara mbili.

Nimechagua wastani wa Benki Kuu kwa sababu unatangazwa kwenye tovuti yao kila siku ya kazi, wewe ukiwa Muscat unauona na mimi nikiwa Tukuyu nauona. Bei ya dirishani kwenye benki yangu iko juu ya wastani huo. Tofauti hiyo ni mzigo wangu, sikuletei.

Nilijaribu kwanza kujikinga mwenyewe. Niliuliza benki kama wanaweza kunifungia kiwango cha dola mapema. Wanaweza, lakini walitaka niweke dhamana ya fedha taslimu, na fedha hiyo ndiyo ninayolipia maziwa kila wiki mbili. Kwa oda ya dola 15,600 haiingii akilini.

Kuhusu muda. Ghalani nimebaki na roli 108 za kilo 20. Kwa mwendo wa sasa zinatufikisha wiki ya tatu ya Novemba. Mzigo ukishuka Dar es Salaam kuna siku za forodha, halafu barabara ya Iringa na mlima Kitonga hadi Uyole, na kutoka pale kuja huku. Kwa hiyo meli isipoondoka kabla ya mwisho wa Oktoba nitasimamisha mashine. Silinda za kuchapia mnazo tayari, nembo haijabadilika, safari hii hakuna cha kusubiri.

Naomba jibu lako kabla ya Ijumaa, 26 Septemba. Kama asilimia 3 inawabana, niambie ninyi mnaweza ngapi. Nne naweza kuisikiliza, tano hapana. Kama nusu kwa nusu ni ngumu kwa bosi wako, mwoneshe hesabu za hapo juu, au nipangie simu nizungumze naye mwenyewe jioni yoyote baada ya saa kumi. Profoma iliyorekebishwa ikiwa na kifungu hicho ikinifikia Ijumaa hiyo, Jumatatu ya tarehe 29 nitatia saini na shilingi za malipo ya awali zitaingia siku hiyohiyo.

Wasalimie nyumbani.

Dada yako,
Mama Tumaini
Meneja, kiwanda cha maziwa, Tukuyu