Mpango wa somo: Mtoto akiharisha
Walengwa: akina mama wa watoto chini ya miaka 5. Muda: dakika 30.

Anza kwa kuuliza: mtoto akiharisha, nyumbani mnampa nini? Sikiliza, usikosoe.

Sehemu kubwa ni vitendo. Kila mama akoroge ORS mwenyewe: pakiti nzima, maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Pakiti haigawanywi. Baada ya kila choo, chini ya miaka 2 apewe mililita 50–100. Mkubwa zaidi, 100–200. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Zinki: siku 10–14, hata kuhara kukikoma. Kunyonya na kula kuendelee.

Kituoni haraka: damu chooni, macho kudidimia, kulegea, kushindwa kunywa.