Tangazo la Mtoto na Mwaliko wa Akika

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamooni babu zangu, bibi zangu, baba, mama na shangazi zangu nyote. Nanyi ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Kwa shukrani kubwa kwa Mwenyezi Mungu, nawaarifu kuwa mke wangu Zuhura amejifungua salama mtoto wa kike alfajiri ya Ijumaa, mwenye uzito wa kilo 3.2, na wote wawili ni wazima. Mzee Salim ndiye aliyemwadhinia mjukuu wake sikioni, na sauti ilimtetemeka kwa furaha. Tumemchagulia jina la Maryam, jina la marehemu bibi yetu aliyewalea wengi wetu humu.

Akika itafanyika Alhamisi hii, siku ya saba, nyumbani kwa Mzee Salim, Ngamiani, Tanga. Asubuhi saa mbili atachinjwa mbuzi, kisha Shangazi Mwanaidi, ambaye mkono wake ni mwepesi, atamnyoa mtoto nywele, zipimwe na thamani ya uzito wake kwa fedha itolewe sadaka. Kisomo na chakula vitafuata baada ya sala ya Adhuhuri.

Mlio Muscat na kwingine mbali, tunaomba dua zenu. Zuhura bado anapumzika, hivyo simu zote nipigieni mimi.

Mtoto wenu,
Rashidi